Shamba la mfano la mahindi: jinsi ya kulipanga na kulipima ili hesabu ya magunia iwe ya kweli

Shamba la mfano likistawi kila mtu hulisifu. Shida huanza msimu unaofuata, mkulima anapouliza: "Bwana shamba, ile mbolea ya kupandia iliniongezea magunia mangapi hasa?" Afisa ugani wengi hawana jibu, kwa sababu shamba halikupangwa liweze kulitoa. Mwongozo huu unafuata shamba la mfano la mahindi kwa mazingira ya Mbozi, mkoani Songwe, kuanzia kuchagua eneo hadi kupiga hesabu. Huko mvua ni ya msimu mmoja, hupandwa kuanzia mwishoni mwa Novemba na kuvunwa Juni au Julai. Kwingine badilisha mbegu na tarehe. Mpango na vipimo vitabaki hivihivi.

Kwanza, swali

Kaa na kikundi, watu 20 hadi 25 wanatosha, muulizane jambo moja linalowasumbua. Hapa tuseme swali ni hili: mfuko mmoja wa DAP kwa ekari wakati wa kupanda unalipa?

Kosa la kawaida ni kuweka vipande viwili tu, kimoja cha "mkulima" na kingine cha "kitaalamu", ambacho kimebadilishwa mbegu, nafasi, mbolea na palizi kwa pamoja. Cha pili kitashinda, lakini hakuna atakayejua ni kipi kati ya vile vyote kilicholeta ushindi. Mkulima mwenye fedha ya kitu kimoja tu anaondoka bila msaada. Kwa hiyo weka vipande vitatu vinavyopanda kama ngazi:

Kipande cha 1 ni kawaida ya kijiji, na wanaoitaja ni wakulima wenyewe. Tuseme ni mbegu iliyohifadhiwa ghalani, mistari ya sentimita 90, mashimo kila sentimita 60, mbegu tatu kwa shimo, na mfuko mmoja wa urea kwa ekari unaomwagwa juu ya udongo wiki ya sita au ya saba.

Kipande cha 2 kinabadilisha mbegu na nafasi tu. Panda chotara kinachofaa nyanda za juu, kwa mfano UH6303 ya Uyole, sentimita 75 kwa 60, mbegu mbili kwa shimo. Urea iwe ileile, kwa namna ileile ya kijiji.

Kipande cha 3 ni kama cha 2, ila kinaongezewa DAP ya kupandia, na urea inawekwa wiki ya nne na kufukiwa.

Msomaji makini atagundua kwamba kutoka cha 2 kwenda cha 3 yamebadilika mawili, DAP na uwekaji wa urea. Ukitaka kuyatenganisha ongeza kipande cha nne. Vitatu ndivyo ambavyo kikundi kinaweza kuvihudumia bila kuchoka, lakini ukishachagua vitatu usije baadaye ukasema faida yote ni ya DAP. Ni ya DAP pamoja na urea iliyowekwa kwa wakati.

Kuchagua mashamba

Shamba moja halitoshi, tafuta matatu ya wanakikundi watatu tofauti. Shamba moja likipata ng'ombe au maji yaliyotuama, bado una mawili. Zaidi ya hapo, tofauti kati ya mashamba ni habari yenyewe, kama tutakavyoona kwenye hesabu.

Eneo lionekane kutoka njiani, lakini kabla ya kufurahia kuonekana uliza historia yake. Mahali palipokuwa zizi au mahame hutoa mahindi makubwa bila mbolea yoyote kwa miaka mingi, na kipande cha 1 kikiangukia hapo kitaishinda DAP yako. Epuka pia kichuguu kilichosambazwa, kivuli cha mti na sehemu ya chini inayokusanya maji. Wazee wa kikundi wanayajua haya kuliko ramani yoyote.

Andikianeni makubaliano na mwenye shamba: mavuno ni ya nani, nani anapalilia, na nini kitatokea mvua ikikatika. Kipengele kinachosahaulika ni kwamba vipande vyote vipaliliwe siku moja. Mwenye shamba hupenda kipande kizuri akakipalilia mara tatu, cha kijiji akakiachia magugu kwa kuwa "ni cha kushindwa tu". Hapo umepima palizi, si mbolea.

Kupima vipande

Vifaa ni kamba zisizovutika, vigingi, futi kamba ya mita 30 na mizani ndogo ya jikoni. Kamba ya katani au manila ifungwe alama kila sentimita 60. Kamba ya nailoni huvutika, na hadi mwisho wa mstari umepoteza mashimo mawili.

Pembe iwe mraba: kutoka kigingi cha kona pima mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, kisha hakikisha umbali kati ya alama hizo mbili ni mita 5 kamili. Usipofanya hivyo kipande hupinda, na eneo unalolidhani silo ulilonalo.

Vipande vya 2 na 3 viwe na mistari 10 (mita 7.5) na mashimo 17 kwa kila mstari (mita 10.2). Kipande cha 1 kiwe na mistari 9 ya sentimita 90 (mita 8.1), urefu uleule. Kati ya vipande acha njia ya mita moja. Shamba likiwa na mteremko, vipande vipangwe kando kwa kando kufuata kontua, visiwe kimoja juu na kingine chini, maana rutuba na mbolea hushuka na maji.

Nani akae wapi? Pigeni kura kwa karatasi mbele ya kikundi. Ukichagua mwenyewe, mkono utakipeleka kipande cha 3 penye udongo mweusi bila wewe kujua.

Vipimo hivi vina sababu. Siku ya kuvuna utaacha mistari miwili kila upande na shimo moja kila mwisho, kwa sababu mimea ya pembeni hupata jua na nafasi zaidi na huzaa kupita kawaida. Itabaki mistari 6 ya sentimita 75, au mistari 5 ya sentimita 90, na zote ni mita 4.5. Urefu unabaki mashimo 15, yaani mita 9. Mita 4.5 kwa 9 ni mita za mraba 40.5. Ekari ina mita za mraba 4,047. Kwa hiyo eneo lako la kuvuna ni sehemu moja ya mia ya ekari, na kilo utakazopata unazizidisha kwa 100. Na kwa kuwa gunia ni kilo 100, kilo moja ya eneo hilo ni gunia moja kwa ekari. Mkulima asiyependa hesabu ataiona papo hapo kwenye mizani.

Hapa ondoa pia mkanganyiko wa "ekari". Vijijini ekari ni hatua 70 kwa 70, na hatua za kijana mrefu si za bibi wa miaka sitini. Mtu akikuambia alipata magunia 15 kwa ekari, pengine ekari yake ni ekari na robo, na magunia yake ni lumbesa. Usilinganishe shamba la mfano na kumbukumbu za namna hiyo.

Kupanda na kuweka DAP

Mfuko wa kilo 50 kwa ekari, ukishushwa kwenye kipande cha mita za mraba 76.5, ni gramu 950 hivi. Pima gramu 950, kisha igawe mafungu kumi ya gramu 95, fungu moja kwa mstari wenye mashimo 17. Kila shimo linapata gramu 5 na nusu hivi, karibu kizibo kimoja cha soda.

Usikiamini kizibo kwa macho. Jaza vizibo 20, weka kwenye mizani, gawanya kwa 20. Kizibo kilichorundikwa na kilichosawazishwa hutofautiana sana, na urea ni nyepesi kuliko DAP, hivyo kizibo kilekile hakibebi uzito uleule. Fungu la mstari ndilo mwalimu mzuri: mbolea ikiisha kabla ya shimo la 17, mkono umejaza mno, na ikibaki, umepunja. Baada ya mistari miwili au mitatu mkono wa mkulima hushika kipimo wenyewe.

Shimo liwe na kina cha sentimita 10 hivi. Weka DAP, fukia kwa udongo wa vidole viwili, kisha weka mbegu mbili na ufukie. Huo udongo wa katikati ndio hatua inayorukwa zaidi, hasa vibarua wanapolipwa kwa mstari. DAP ikigusana na mbegu huiunguza kwa chumvi na amonia, na hali huwa mbaya zaidi mvua ikikatika baada ya kupanda. Dalili huonekana siku ya kumi: mapengo katika kipande cha 3 huku kipande cha 2, chenye mbegu ileile, kikiwa kimeota vizuri. Fukua shimo lisiloota. Mbegu iliyovimba ikawa ya kahawia karibu na punje za mbolea imeungua. Mbegu ikiwa haipo kabisa, mshuku panya au ndege.

Wiki ya pili hesabu miche katika eneo la kuvuna la kila kipande na uandike. Vipande vya 2 na 3 vikiota vyote vingekuwa na miche 180 (mistari 6, mashimo 15, mbegu 2), na 160 ni idadi nzuri. Namba hii ndogo utaihitaji sana baadaye.

Katikati ya msimu

Kutaneni kila wiki mbili, na kila mkutano uanzie shambani. Mawili yanastahili umakini.

La kwanza ni urea. Katika kipande cha 3 iwekwe wiki ya nne, mahindi yakiwa magotini, udongo ukiwa na unyevu. Chimba kishimo sentimita 10 kutoka kwenye shina, kina sentimita 5, weka, fukia. Kiasi ni kilekile, gramu 950 kwa kipande. Vipande vya 1 na 2 visubiri muda wa kijiji na urea ibaki juu ya udongo, cha 1 kipate kilo moja kwa kuwa ni kikubwa kidogo. Kuna maofisa wanaoona huruma wakafukia urea ya vipande vyote, na huruma hiyo inaua jaribio. Jua likiwaka baada ya siku mbili, waiteni wakulima wanuse kipande kisichofukiwa. Harufu kama ya mkojo ni fedha yao inayoruka hewani.

Wafundishe kusoma majani. Jani la chini linaloanza manjano kwenye ncha na kuingia katikati kwa umbo la V linalilia naitrojeni. Zambarau kwenye kingo za majani ya miche michanga mara nyingi ni upungufu wa fosforasi, ingawa baridi nayo huleta rangi hiyo, na baadhi ya mbegu huwa nayo kwa asili. Ndiyo maana mnalinganisha kipande na kipande, hamhukumu jani moja.

La pili ni viwavijeshi vamizi, ambao walionekana Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016. Tembeeni kwa umbo la W, simameni vituo vitano, kila kituo kagueni mimea 10. Hesabuni mimea yenye uharibifu mpya katika jani changa la katikati: vidirisha vyeupe, au kinyesi kibichi kama unga wa mbao. Mahindi yakiwa machanga, mimea 10 kati ya 50 ni ishara ya kupiga dawa. Yakikaribia kutoa mbelewele, mnaweza kusubiri hadi 20 kati ya 50. Dawa ielekezwe ndani ya kikombe cha majani, asubuhi mapema au jioni. Mkipiga, pigeni vipande vyote siku moja.

Kuvuna na kupima

Siku ya wageni mara nyingi hufanywa mahindi yakiwa kijani, kwa sababu yanapendeza kwenye picha. Ifanye siku ya mizani.

Mahindi yamekomaa unapobandua punje na kukuta doa jeusi kwenye kitako chake. Vipande vyote vivunwe siku moja. Kwanza fungeni kamba kuzunguka eneo la mita 4.5 kwa 9 na kutoa mimea ya pembeni iende kando. Kisha, kabla ya kuvunja hindi hata moja, hesabuni mabua yote na mabua yasiyo na hindi. Bua tupu huenda lilizaa likaliwa bichi na wapita njia, na kipande kilicho karibu na barabara huumia zaidi. Mkikuta matano au sita katika kipande kimoja tu, andikeni, msijifanye hamkuona.

Pukuchueni mavuno yote ya eneo hilo, kila kipande na gunia lake lenye jina ndani na nje. Karatasi ya ndani huokoa wakati ile ya nje ikichanika. Pimeni kwa mizani, si kwa debe.

Sasa unyevu. Chotara cha muda mrefu huvunwa kikiwa na maji zaidi kuliko mbegu ya ghalani iliyowahi kukomaa, na maji yana uzito. Ukiwa na kipima unyevu, geuza uzito uwe wa asilimia 13.5, ambayo ndiyo ukomo wa mahindi ya soko Afrika Mashariki:

uzito sahihi = kilo × (100 − unyevu) ÷ 86.5

Tuchukue namba za mfano za shamba A. Kipande cha 1 kimetoa kilo 9.8 kwa unyevu wa asilimia 17. Mara 83, gawanya kwa 86.5, unapata 9.4. Kipande cha 2 kilo 13.0 kwa asilimia 20, inakuwa 12.0. Kipande cha 3 kilo 23.4 kwa asilimia 20, inakuwa 21.6. Bila kurekebisha ungesema kipande cha 3 kimekizidi cha 1 kwa magunia 13.6. Ukweli ni 12.2. Gunia moja na zaidi lilikuwa maji.

Huna kipima unyevu? Anika kila gunia peke yake juani siku kadhaa, kisha tumia chumvi. Chukua chupa kavu ya kioo, weka chumvi laini iliyokaushwa, jaza punje theluthi moja, tikisa vizuri. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu bado umezidi asilimia 15. Magunia yote yakifaulu jaribio hilo, pima. Hutapata namba kamili ya unyevu, lakini ulinganisho utakuwa wa haki.

Hesabu ya mashamba matatu

Tuendelee na mfano, magunia kwa ekari:

Shamba A: 9.4, 12.0, 21.6
Shamba B: 9.0, 11.1, 18.0
Shamba C: 8.3, 9.5, 10.9
Wastani: 8.9, 10.9, 16.8

Kishawishi kikubwa ni kulitupa shamba C, au kuonyesha shamba A peke yake. Usifanye. Badala yake rudi kwenye daftari la miche. Tuseme shamba C lilikuwa na mimea 161 katika kipande cha 2, lakini 118 tu katika kipande cha 3. Gawanya mavuno kwa mimea: kipande cha 2 ni gramu 59 kwa mmea, cha 3 ni gramu 92. Mmea uliobaki ulinufaika na mbolea, ingawa sehemu ya ongezeko hilo ni nafasi iliyoachwa na wenzake. Kilichopotea ni mimea, na ilipotea siku ya kupanda, DAP ilipokaa juu ya mbegu. Bila ile hesabu ya wiki ya pili, kikundi kingeondoka kikisema mbolea haifai kwa udongo wa upande ule.

Kisha weka fedha. Tumia bei za wiki hiyo za kijiji chenu. Hizi ni za mfano tu. Gunia shilingi 60,000, DAP 80,000, kibarua cha ziada 20,000. Kutoka kipande cha 2 kwenda cha 3 gharama ni 100,000 na ongezeko la wastani ni magunia 6, yaani 360,000. Kila shilingi imerudi 3.6. Kipimo kinachotumika sana ni kwamba irudi angalau mbili, kwa kuwa mkulima anabeba hatari ya mvua na bei. Gunia likishuka hadi 35,000, bado inarudi 2.1. Lakini katika shamba C ongezeko la gunia 1.4 ni 84,000, hasara ya 16,000.

Kutoka cha 1 kwenda cha 2, mbegu ikigharimu 60,000 na kazi ya kamba 10,000, ongezeko la magunia 2 ni 120,000. Inarudi 1.7. Kwa namba hizi, mkulima anayenunua chotara asiweke mbolea ya kupandia anapata faida nyembamba, na aambiwe hivyo waziwazi.

Unapoandika ripoti ya kata, sema: "ongezeko la wastani magunia 6 kwa ekari, mashamba matatu, kati ya 1.4 na 9.6." Usiandike "mavuno yameongezeka hadi magunia 21.6".

Msimu wa pili, mashambani kwao

Kipande kidogo kilichopaliliwa na watu 20 hutoa zaidi ya ekari nzima ya mtu mmoja, kwa hiyo 16.8 si ahadi. Msimu unaofuata chagua kwa kura wanakikundi watano waliotumia DAP na watano ambao hawakutumia. Ndani ya shamba la kila mmoja mahali pa kupimia nako kuchaguliwe kwa kura: karatasi mbili zenye idadi ya hatua, moja ya urefu na moja ya upana, kuanzia kona. Mnapoangukia ndipo kigingi kinapochomwa, hata kama pana mapengo. Mwenye shamba atakuvuta mkono, "Si hapa, bwana shamba, twende kule ndani." Chomeni hapohapo, fungeni kamba ya mita 4.5 kwa 9, na mhesabu mabua kabla ya kuvuna.